Jina Chini ya Weusi

Katika ofisi yetu ya haki za watoto, Bariadi, tulikuwa na njia yetu ya kuficha majina. Unapaka wino mweusi juu ya jina, unatoa fotokopi, unagawa fotokopi. Ilikuwa haijawahi kutuangusha. Kwa hiyo bosi alipotaka maelezo ya mama mmoja yaskaniwe na kutumwa kwa kamati ya kijiji kama PDF, nilichora viboksi vyeusi juu ya jina lake kila lilipotokea na kujiona fundi.

Mama huyo alikuwa ametueleza kwamba mabinti watatu wa kijiji chake wanapangiwa kuozeshwa kabla ya kumaliza shule. Mmoja ni wake. Mumewe tayari alikuwa ameahidiwa ng'ombe, na shemeji yake ni mjumbe wa kamati. Jina likijulikana, hana pa kulala.

Nikabonyeza kutuma. Mtandao ukagoma, nami nikautukana kimoyomoyo. Nikisubiri, nikanakili aya moja niiweke kwenye barua ya kwenda wilayani Lagangabilili. Nilipoibandika, jina la mama likatoka lote, na la baba yake pia.

Nilifuta ule ujumbe uliokwama kabla mtandao haujarudi, kisha nikamwita mwenzangu wa kompyuta. Niliogopa, na aibu ilinikera kuliko hofu.

"Dada, umefunika, hujafuta," alisema. "Skana yetu inasoma karatasi na kuweka maandishi nyuma ya picha. Boksi lako limekaa juu tu."

Alinionyesha kifaa chenyewe cha kufuta, ndani ya programu. Unatia alama kwenye jina, halafu unaamuru lifutwe, na hapo picha na maandishi ya nyuma yake huondoka pamoja. Akaondoa na taarifa zilizofichwa, maana hata kichwa cha faili kilibeba jina la mama, kazi ya mikono yangu hiyo. Akahifadhi faili jipya kwa jina jingine. Nikatafuta jina: hakuna. Nikachagua yote, nikanakili, nikabandika kwingine, nikasoma mstari kwa mstari. Hakuna. Nilicheka peke yangu, nikatuma.

Kamati ilizuia ndoa hizo, na mabinti wote watatu wakabaki shule. Wiki kadhaa baadaye mama alikuja na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Akakaa, akatazama mlango kwanza. "Shemeji alimrushia mume wangu ile karatasi kwenye simu. Mume akanisomea yote."

Nikasogeza kiti karibu naye.

"Alipofika pale peusi akabonyeza, akanakili, akabandika. Akarudia tena. Hakikutoka kitu. Akaniuliza, huyu atakuwa nani?"

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia asome mbele, mboga inaungua."