Kupanda kutoka Chini

Kigali mtu anapoomba kazi haulizi mshahara ghafi. Anauliza atapata ngapi mkononi, mwajiri anataja hesabu, wanapeana mikono, na kazi ya kupanda kutoka hapo hadi juu inaachiwa mhasibu. Mimi nililelewa Tanzania na kusomea huko, nikafundishwa kushuka: unaanza na mshahara ghafi, unatoa kodi, unatoa michango ya mfanyakazi, kinachobaki ndicho anachodai. Nilipoajiriwa kwenye karakana ya samani pale Gisozi nikakuta ngazi imegeuzwa kichwa chini. Nilikasirika mwezi mzima, kisha nikazoea. Siku hizi hupanda haraka kuliko ninavyoshuka.

Kisha mchango wa pensheni ukaongezwa maradufu. Mfanyakazi aliyekuwa akikatwa asilimia tatu sasa anakatwa sita, na mwajiri naye anaweka sita zake. Nilimchukua fundi wetu wa mashine kama mfano na kwenda kwa bosi. Fundi alikuwa na mshahara ghafi wa faranga laki tatu. Kodi ilikuwa elfu hamsini na nne, na hiyo haikubadilika. Pensheni yake ilipanda kutoka elfu tisa hadi elfu kumi na nane. Michango ya uzazi na bima ya afya ya jamii, ile midogo, haikubadilika sana; alikuwa anapoteza kama elfu tisa mkononi.

Bosi, au patron kama mafundi wanavyomwita, ni mtu wa sala tano, babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, na Kiswahili chake huwa kinanipa raha kukisikiliza. Siku ile hakikunipa.

"Ya mkononi haishuki, dada," alisema. "Mi niliwapa neno langu."

Nikamwambia basi mshahara ghafi lazima upande, ufike laki tatu na elfu kumi na nne hivi. Na juu yake kuna sehemu yetu, ambayo fundi haioni kabisa: pensheni asilimia sita, ajali kazini mbili, uzazi sehemu tatu za kumi ya asilimia moja. Fundi aliyekuwa anatugharimu kama laki tatu na elfu kumi na sita angetugharimu laki tatu na elfu arobaini.

"Na gharama pia haipandi," akasema, akanitabasamia kwa upole.

Nilimwambia hesabu hiyo haipo. Akasema ipo, ila mimi siitaki. Wiki iliyofuata akaja mhasibu wa nje, kijana mtanashati anayetoka Kabuga kwa basi, na kazi ya mishahara ikaondoka mezani kwangu. Nilibaki na mauzo, ununuzi na daftari kuu. Nilinuna, sitaficha. Lakini daftari kuu ndiko kila kitu kinakotua, na mwisho wa mwezi niliona yametua mambo ya ajabu. Gharama ya mishahara ilishuka karibu nusu. Kodi inayodaiwa ilishuka, michango inayodaiwa ikashuka, na mishahara ya kulipwa nayo ikashuka, vyote kwa utaratibu, debiti na krediti zikilingana vizuri kabisa. Ila ununuzi wa mbao ulikuwa umepanda, katika siku ambazo hakuna lori lililopanda mlima wetu.

Karakana nzima ilikuwa na furaha. Ndicho kitu kilichonitia baridi. Kila mtu alipata fedha mara mbili: sehemu ya kwanza ilipita benki, ya pili, ile iliyoandikwa mbao, ilitoka kwenye simu ya bosi na kuingia kwenye simu yake, na ukizijumlisha zilikuwa zile zile za siku zote. Walikuwa wamesaini mikataba mipya, mshahara ghafi laki na nusu kwa fundi, na hakuna aliyesoma mstari huo kwa sababu hakuna aliyewahi kuusoma. Mashine zilinguruma, watu wakaimba, na mimi nikakaa nyuma ya kioo nikiwatazama kama ninaona moshi wasiouona wao.

Nilimwita fundi wakati wa chai. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mpole, mwenye vumbi la mbao hata kwenye kope. Nikamwambia: muzehe, mbele ya serikali wewe sasa ni mtu wa laki na nusu. Pensheni itahesabiwa hapo. Ukiumia kazini, fidia nayo itahesabiwa hapo.

"Madamu, ile ya mkononi si iko?" akauliza.

"Iko."

"Basi sawa. Usituletee maneno na patron."

Akamaliza chai yake, akarudi kwenye msumeno. Nilimwona akisema kitu kwa wenzake na wote wakageuka kunitazama. Tangu siku hiyo salamu zilipungua. Ilinisononesha kuliko nilivyotarajia, na nikajiambia wakiungua shauri yao. Nilikuwa ninajidanganya, maana kila gari la mzigo likirudi nyuma uani nilikuwa ninaacha kuandika hadi lisimame.

Na lilikuwa gari la mzigo kweli. Magogo yaliporomoka wakati wa kushusha, yakamkuta fundi mguuni, yakavunja mfupa chini ya goti na juu yake. Bosi alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, na sina shaka alilia. Kesho yake alikuja mezani kwangu, kwangu na si kwa yule kijana.

"Andika taarifa ya ajali, dada. Weka laki tatu."

"Miezi iliyopita tumetangaza laki na nusu," nilisema. "Watatazama walichotangaziwa."

Alichezea tasbihi mfukoni. Kisha akasema niandike kilichopo.

Fidia ya wasioweza kufanya kazi ni sehemu tu ya wastani wa mshahara uliotangazwa. Kwa hiyo fundi alipata sehemu ya nusu ya mshahara wake. Mwisho wa mwezi ile ya simu haikuja, kwa kuwa ile haikuwa mshahara wa mtu yeyote, na hakuna mahali pa kuidai.

Jumamosi nilikwenda kumwona fundi nyumbani kwake, mtaa wa Batsinda. Mguu ulikuwa kwenye plasta juu ya kigoda, na mkewe aliniwekea chai bila kuniangalia. Fundi akanyoosha simu nione ujumbe wa malipo.

"Hawa wamekosea, si ndiyo? Wewe iko najua hesabu. Waambie."

Nikamwambia hawajakosea. Halafu akasema, "Ulinambiaga. Sasa nambie tena, buhoro buhoro."

Nikamweleza polepole, kutoka juu kwenda chini, kama nilivyofundishwa. Alifuata kila hatua. Nilipofika mwisho akauliza mwenyewe, "Na ya uzee?" Nikamjibu kwamba nayo inatazama mishahara ya miaka ya mwisho, na hii ndiyo miaka yake ya mwisho. Mkewe akaweka birika chini.

Nikasema kwamba Jumatatu nitawakusanya wenzake na kuwaeleza hivi hivi, kisha tuandike malalamiko kwa mkaguzi wa kazi. Nilidhani atafurahi. Akanishika mkono, akatazama mlangoni kwanza.

"Hapana, Madamu. Patron alikuja jana. Alisema atanisaidia kidogo kidogo, kama sisi tutanyamaza." "Nakuomba. Watoto wanasoma."

Mkewe ndiye aliyenitazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu niingie, na yeye pia alikuwa ananiomba.