Picha Iliyogeuka Ushahidi

Nilisikia shoka kabla sijamwona shangazi. Sauti ilitoka ndani ya migomba, nzito, ikikaa kimya kidogo kisha ikirudi, na kuku wote wa kihamba, shamba letu la nyumbani, walikuwa wametulia kama wanaoisikiliza. Mwika ilikuwa na ukungu asubuhi ile. Nilifuata sauti hadi nikamkuta ameinama kwenye mbuni mmoja wa pembeni, kanga imefungwa kiunoni, mti umelala ubavu na matunda mabichi bado yameshika matawi.

"Shikamoo, shangazi. Mbona unakata kahawa?"

"Marahaba, mwanangu. Huu ni wa kujaribia shoka. Mingine nasubiri karatasi yenu isomwe kanisani Jumapili ijayo." Akacheka. "Wewe si unafanya kazi huko Moshi? Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima anasema utafiti umekamilika. Tung'oe ya zamani, tupande mipya."

Nilitazama mibuni iliyobaki. Ilipandwa na bibi, naye aliiweka chini ya migomba kama alivyoiona ya kwao. Ndiyo iliyomvalisha shangazi na ndiyo iliyomsomesha mwanawe. Mipya ikipandwa leo, ni miaka kabla haijazaa. Ikigoma kuzaa, hana shamba jingine.

Jumatatu nikaikuta karatasi yenyewe juu ya meza yangu. Ofisi yetu huchukua slaidi za watafiti na kuzifanya muhtasari wa Kiswahili, viongozi wa vikundi vya wakulima wakausome kwenye matangazo baada ya ibada. Rasimu ilitengenezwa na mwenzangu wa meza ya jirani, akisaidiwa na programu ya kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kuikagua.

Usiku huandika riwaya, lakini kazini nina namna moja tu ya kukagua. Kila sentensi ya rasimu naiandikia pembeni namba ya slaidi iliyoizaa. Isiyo na mzazi naipigia mstari mwekundu.

Sentensi ya kwanza ilipata mzazi: mibuni mipya ilistahimili chulebuni, ule ugonjwa unaooza matunda mtini. Ila slaidi ilisema "matokeo ya awali", na rasimu ilikuwa imelimeza neno "awali". Ya pili ilisema mibuni hiyo imethibitika kuzaa vizuri chini ya migomba. Nilipitia slaidi zote. Nikasoma maelezo ya mtoa mada yaliyo chini ya kila slaidi, nikasoma hata maandishi madogo ya grafu. Miche ilipandwa shamba la wazi, juani. Migomba ilikuwa sehemu mbili tu: kwenye picha ya jalada, nzuri, yenye kahawa nyekundu kivulini, na kwenye slaidi ya mwisho, chini ya "hatua zinazofuata": kujaribu kivulini.

Jaribio ambalo halijafanyika lilikuwa limeandikwa kama limekwisha. Na sentensi ya tatu, iliyosema ya zamani ing'olewe? Hakuna slaidi iliyotamka neno hilo.

"Dada," nikamwambia mwenzangu, "hii ya migomba umeitoa wapi?"

"Si ipo kwenye picha?" Akanigeukia. "Mwandishi wa riwaya ndiye anayekataa hadithi leo! Makubwa."

"Mpigie mtafiti."

Akampigia, akaweka sauti ya nje. Mtafiti akasema taratibu, "Hilo hatukulisema. Kivulini hatujui kabisa." Mwenzangu hakutania tena. Alikuwa amekwisha kumtumia mwenyekiti wa Mwika rasimu kwa simu tangu wiki iliyopita, ajiandae kuisoma.

Tukaandika upya, na juu kabisa tukaweka: *Msing'oe mibuni yenu kwa sababu ya matokeo haya.* Nikampigia shangazi. Simu iliita mpaka ikakatika.

Mwenyekiti alikuja mchana kuchukua karatasi mpya, koti lake la ibada likinuka moshi wa kuni. Tulimwamkia. Akasoma karatasi mpya amesimama, akiisogeza mbali na macho.

"Kwa hiyo, binti, mnasema hamjui."

"Ndiyo, mzee. Kivulini hakuna aliyepima."

"Ile ya kwanza ilijua." Akaikunja mara mbili. "Wengine hawakungoja Jumapili. Nimepita kwa shangazi yako asubuhi. Ameita vijana."

"Wamekata mingapi?"

Alivaa kofia, akanitazama kwa huruma iliyonitisha kuliko hasira.

"Mzee, mwambie aache. Tafadhali. Mwambie ni mimi nimesema."

"Nitamwambia. Ila atauliza ni karatasi ipi ya kuamini, na mimi ndiye niliyemsomea ile ya kwanza."

Akatia karatasi mfukoni na kutoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.