Vuta Kiti Mpaka Dirishani

Mguu wa mama ulizikwa kabla yake. Marehemu kaka yangu aliupokea hospitalini umefungwa kitambaa cheupe, akaupeleka makaburini na watu wachache, akarudi nyumbani akakaa barazani. Mama alipopata fahamu vizuri alimuuliza, "Mmeulaza wapi?" Kaka akamwambia ukutani mwa makaburi, karibu na babake. Mama akasema alhamdulillahi, akageuka upande wa pili. Aliishi miaka miwili zaidi kwa mguu mmoja na mkongojo, na alipokufa tulimzika mbali na mguu wake, maana pale ukutani palikuwa pamejaa.

Nyumba hii ya Amu, kisiwani Lamu, ilikuwa yake. Sasa nakaa peke yangu, nashona kofia kwa mkono, na mkongojo wake nausikia. Anayetaka kucheka na acheke. Sakafu ya chokaa ya ghorofani ina sauti yake: ko, halafu kimya, ko, halafu kimya. Wapenda hadithi za majini watanisamehe, kwani hausikiki usiku wa manane. Unasikika asubuhi jua likishapanda, saa ile ile aliyokuwa akitoka chumbani kwenda kuota jua. Ukifika mlangoni pangu husimama.

Ningeweza kuuzoea, watu huzoea mengi. Lakini sukari iliyomla mama ndiyo niliyonayo mimi. Mwaka jana daktari wa kliniki alinifumbisha macho, akachukua kitu kama uzi mgumu, akawa ananigusa nyayo. "Bi, wasikia?" Nikajibu nasikia. "Na hapa?" Nasikia. Nilipofumbua macho alikuwa ameweka mikono magotini, hanigusi popote. Akaniambia kwa upole kwamba mguu usiohisi huumia bila kumwambia mwenyewe, kwa hiyo niutazame kila siku, juu, chini na baina ya vidole. Kidonda kikionekana mapema hupona. Kikifichika, nilijua mwenyewe mwisho wake uko ukutani makaburini.

Binti yangu, aliyeolewa Mokowe, ng'ambo bara, alikuwa amenisindikiza. Siku hiyo hiyo akaichukua simu yangu, akaitegesha ilie kila alfajiri na neno moja kwenye kioo: MIGUU.

Lo! Neno gani lile la kumwamshia mtu? Simu ikilia nalitazama, na kabla sijafikiri lolote nakiona kile kitambaa cheupe mikononi mwa kaka. Nasikia harufu ya chumba cha mama siku za mwisho. Kidole changu kinakwenda chenyewe kwenye kuizima. Nilijiambia nitatazama baada ya chai. Baada ya chai kuna kofia ya kumaliza, baada ya kofia ni adhuhuri, na baada ya hapo nani atakumbuka? Si kwamba nilisahau, wallahi. Kusahau kungekuwa raha. Siku nzima neno lile nilikuwa nalo, limenikalia kifuani, na nyayo zangu sijaziona.

Ijumaa binti yangu alivuka kuja kunisalimia. Tulipokwisha kula akaniuliza, "Mama, miguu waiangalia?"

Nikampandia juu. "Maguu yangu nayatawadha mara tano kwa siku! Nyinyi mwaniangaliani?"

Maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mama, moja baada ya jingine, na sauti ilikuwa yake, hata lile "maguu" alivyokuwa akilivuta. Ndivyo alivyotujibu kila tulipotaka kumfunua leso miguuni. Nasi tulimsadiki, maana kweli alitawadha mara tano, msafi kupita wengi. Nani atamshuku mtu anayeosha miguu kutwa kwamba hajaiona? Lakini tunatawadhaje? Alfajiri penye birika la kutawadhia ni giza. Unamwaga kata ya maji, unapitisha mkono juu, unapenyeza kidole baina ya vidole, unasugua kisigino, basi. Wayo hukuutazama. Mkono wenyewe una sugu za sindano, utahisi nini? Kwenye matanga yake jirani mmoja alisema, "Mficha maradhi kilio humfichua," na nilimchukia mwanamke yule kwa muda mrefu. Mama hakuficha kitu. Aliamini udhu umeshamtazamia.

Binti yangu alikuwa amekwisha kulia, anajifuta na ncha ya mtandio. "Mama," akasema, "tusigombane. Simu ikilia, neno likatokea, wafanya nini kwanza?"

"Naizima."

"Kabla ya kuizima. Neno lakwambia ufanye nini?"

Nikafikiri. "Lanambia nitakatwa mguu," nikasema, na nikashangaa kujisikia.

Akakaa na simu mapajani. Alisema labda kosa ni lake, ameandika jina la jambo zima, na jambo lenyewe ni kubwa la kutisha, halina pa kulishikia. Akalifuta neno, akaandika jipya, akanionyesha. Lo, risala! Kaa vizuri, vua viatu, angalia kisigino cha kulia, angalia baina ya vidole, angalia cha kushoto, kausha, paka mafuta isipokuwa baina ya vidole, ukiona wekundu nipigie.

"Hii ni hotuba ya Ijumaa," nikamwambia. "Imamu mwenyewe hufupisha."

Akacheka, namshukuru Mungu. Akainuka, akazunguka chumba kama mnunuzi wa nyumba. Akanitaka nimwonyeshe jua linaingia wapi na saa ngapi, na nikimaliza chai huwa nimekaa wapi. Chai nainywa kitandani, na saa hiyo jua liko dirisha la mashariki. Kiti cha mama cha kamba kiko pembeni, mbali na dirisha, hakikaliwi. Akaenda kwenye zidaka za ukutani, akachukua kioo kidogo cha mkono, akakilaza juu ya kiti. Halafu akaandika tena, akaitoa kengele kwenye giza la alfajiri akaiweka baada ya chai.

Nikasoma: *Vuta kiti mpaka dirishani.*

"Na miguu?" nikauliza.

"Miguu haimo. Wewe vuta kiti tu."

Nilimwona kama mtoto. Lakini kesho yake, kikombe bado ki mkononi, simu ikalia, nikasoma, na mwili ukainuka. Kuvuta kiti si kitu. Hakuna aliyewahi kukatwa mguu kwa kuvuta kiti. Nikakivuta, kikapiga kelele sakafuni, nikafika dirishani. Sasa kukaa siwezi mpaka nikiondoe kioo, nikawa nimekishika. Nikakaa juani. Nikajiona uso, macho yamevimba, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Basi, siku hiyo niliishia hapo. Nilimwambia binti yangu kwenye simu kwamba nimevuta kiti na miguu sikutazama. Akasema, "Vizuri, Mama. Hukuambiwa zaidi."

Sijui ilikuwa siku ya ngapi. Jua likiwa mapajani na kioo mkononi, nikaona nitakaaje hivi kama bibi harusi? Nikapandisha mguu wa kulia gotini, nikakiteremsha kioo chini yake.

Nilikuwa nautazama wayo wa mama. Kisigino kile kile kipana, na ule mkunjo wa katikati. Nilikuwa sijauona tangu nilipomwosha maiti, na siku ile ulikuwa mmoja. Nikasikia mkongojo. Ko, kimya. Ko, kimya. Ulipita mlangoni, haukusimama pale ulipozoea kusimama, ukaja mpaka nyuma ya kiti. Sikugeuka. Nikasema bismillahi, nikautazama mguu wote mpaka mwisho, halafu wa pili, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza na kuacha katikati niliona aibu mbele yake.

Tangu hapo ikawa ndiyo ada. Simu haikuwahi kuniambia nitazame mguu, na mguu nikawa nautazama kila siku. Asubuhi za uzito, nilipokuwa sitaki hata kuamka, nilijiambia nitavuta kiti tu, halafu nirudi kulala. Sikurudi hata mara moja.

Halafu ikaja siku ya sindano. Mwezi wa mfungo ulikuwa unakaribia na kofia zilikuwa nyingi, natoka kushona sakafuni naingia jikoni pekupeku, na daktari alikwishanikataza. Asubuhi nikavuta kiti, nikaweka kioo chini ya wayo wa kushoto, nikaona doa jeusi dogo kama punje ya ufuta, chini ya kidole gumba. Pembeni ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Nikapitisha kidole, kikakwaruzwa na chuma. Kipande cha sindano kilikuwa kimezama nyamani. Jana yake nilikwenda sokoni na kurudi, nikapanda na kushuka ngazi, nikasali sala zote nimesimama juu yake. Sikuhisi kitu, hata kuwashwa!

Niliogopa. Nyuma ya kiti mkongojo ulikuwa umetua. Nikampigia binti yangu. "Usiuguse," akasema, na nilimsikia anakimbia. "Usichokonoe, usitie mafuta wala majivu, usikanyage. Nakuja." Akavuka na mashua ya kwanza. Nikateremshwa ngazi na majirani, nikapandishwa punda kama mzigo wa chokaa, watoto wananicheka njia nzima nami nawatukana, na moyoni nasoma kila dua ninayoijua.

Hospitalini walipiga picha, wakakitoa kipande, wakasafisha, wakanipa dawa. Kwa wiki kadhaa nilikwenda kufungwa bandeji, na kila safari nesi alipofungua nilifumba macho kwanza. Siku ya mwisho akanigonga goti. "Bi, pamefunga. Lakini ungekaa nayo wiki nzima, tungekuwa tunazungumza mengine. Nani alikwambia utazame?"

"Kiti," nikamjibu. Akafikiri nimechanganyikiwa, na mimi sikumweleza.

Binti yangu aliniuliza kama sasa abadilishe maneno, maana nimeshazoea. Nilimwambia ole wake ayaguse. Yapo vile vile, na kila baada ya chai simu inalia, *vuta kiti mpaka dirishani*, nami nakivuta. Mama naye anatoka chumbani na mguu wake mmoja, taratibu, mpaka nyuma yangu. Zamani nilidhani anakuja kuuchukua wangu. Alipokuwa hai hakuna aliyemvutia kiti. Sisi tulimwambia miguu, miguu, naye akijifunika leso. Kwa hiyo nikishaweka kioo nauinua wayo juu kidogo kuliko ninavyohitaji mwenyewe, ili na yeye aone.