Pembe za Wimbi la Mraba

Mimi nilifundisha hisabati na fizikia sekondari hapa Ifakara mpaka nilipostaafu, na sikuwa mwalimu mpole. Nalisema bila kujisifu wala kujitetea. Wanafunzi walifaulu. Jina waliloniita nyuma ya mgongo wangu nilikuwa nalijua, na kulikuwa na siku nililifurahia.

Kwa hiyo nilishangaa binti mmoja wa Kiberege, niliyemfundisha kidato cha kwanza hadi cha nne, alipokuja kwangu Katindiuka na kompyuta yake mgongoni. Alikuwa anasoma uhandisi Dar es Salaam, mwaka wa pili. Alikuwa na sapu, ule mtihani wa marudio, wa somo la mawimbi ya umeme na sauti. Akiufeli, anadisko, masomo yamekwisha.

“Shikamoo, madam.”

“Marahaba. Hilo somo limekushindaje?”

“Slaidi, madam. Mhadhiri anazipitisha mbiombio. Nakariri, ila sielewi.”

Akazifungua. Slaidi ya kwanza ilionyesha wimbi lililovurugika, milima na mashimo bila mpango, yanajirudia vilevile. Chini yake pameandikwa kwamba wimbi lolote la namna hiyo limejengwa na mawimbi mepesi ya sine, yale laini yanayopanda na kushuka kwa utaratibu, yamejumlishwa. Slaidi zilizofuata zilijenga wimbi la mraba, lile linaloruka juu ghafla, linatulia, kisha linaporomoka ghafla kama ukingo wa mto uliomeguka. Kila slaidi iliongeza wimbi moja.

“Hapa ndipo ninapopotea,” akasema. “Wimbi la kwanza lina kilele. Tukiongeza la pili, kilele kinashuka! Unaongezaje kitu halafu kinapungua?”

Nikamwambia afunge hiyo kompyuta. Nikaleta karatasi ya grafu, penseli na rula.

Wimbi la kwanza nikalichagulia kimo cha visanduku kumi na tano. La pili linapanda na kushuka mara tatu la kwanza likifanya hivyo mara moja, na kimo chake ni theluthi moja, yaani visanduku vitano. La tatu linapanda na kushuka mara tano, na kimo chake ni moja ya tano, visanduku vitatu. Nikamwambia achore yote kwenye karatasi moja, kisha asimamishe rula wima penye nyuzi tisini, kwenye kilele cha wimbi la kwanza.

“Soma.”

“La kwanza, kumi na tano juu. La pili…” Akaisogelea karatasi. “La pili liko chini, madam. Hasi tano.”

“Na la tatu?”

“Juu, tatu.”

“Haya, jumlisha.”

“Kumi na tano toa tano, kumi. Ongeza tatu, kumi na tatu.” Akacheka peke yake. “Kumbe! Hayapangwi moja baada ya lingine. Yote yapo kwa wakati mmoja, na kila mahali ni hesabu yake.”

“Ndiyo hivyo tu. Sasa sogeza rula.”

Aliisogeza mchana kutwa. Penye nyuzi thelathini akapata saba na nusu, jumlisha tano, jumlisha moja na nusu, kumi na nne. Alipounganisha nukta, wimbi la mraba likaanza kuonekana, limepindapinda lakini linatambulika. Nilifurahi. Nilikuwa nimesahau raha ya mtu kuelewa mbele ya macho yako.

Nikaenda jikoni kuepua wali. Niliporudi, kompyuta ilikuwa wazi tena na binti ameinamia slaidi ya mwisho.

“Madam, huu mraba juu unatakiwa utulie kwenye karibu visanduku kumi na mbili, sivyo? Ila kwenye mchoro wetu, karibu na ukingo, kuna pembe inayochomoza mpaka kumi na nne. Mawimbi yakiongezwa, inaisha?”

“Inaisha,” nikasema. “Pembe ipo kwa sababu mawimbi ni machache. Ongeza, itanyooka.”

“Hata kwenye slaidi hii ya mawimbi mengi bado ipo.”

“Basi aliyechora amekosea. Wewe unaniamini mimi au unaamini picha?”

“Sawa, madam,” akasema, akafunga kompyuta. Aliniambia pia kwamba swali hilo la pembe mhadhiri hapendi kuliacha nje ya mtihani. Kesho yake akapanda basi.

Msimu ule mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, nami nilikuwa nashinda shambani kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia, nawinga ndege. Kazi hiyo inaacha akili bure. Nikachukua kikokotoo na karatasi, nia yangu nichore mraba wa mawimbi kumi, nimpigie picha, nimtumie kwenye simu aone pembe zilivyoisha. Ukweli ni kwamba nilitaka kumkomesha yule aliyechora slaidi.

Nilijumlisha mawimbi kumi. Pembe haikuisha. Ilikuwa imekonda na kusogea karibu zaidi na ukingo, penye nyuzi tisa, lakini urefu wake ulikuwa kumi na tatu nukta tisa. Nikasema nimekosea kubonyeza. Nikarudia. Kumi na tatu nukta tisa. Mbali na ukingo wimbi lilikuwa linatulia vizuri kama nilivyosema, ila pembe yenyewe ilikuwa haipungui kimo, inapungua unene tu. Ndege walikula mpunga wangu asubuhi ile, wala sikuwatupia hata bonge la udongo.

Mtihani ulikuwa kesho yake saa tatu.

Nilishika simu mara tatu na kuiweka. Nilijiambia ana akili, ataona mwenyewe. Nilijiambia ni swali moja tu. Aibu ilinishika, nakiri, aibu ya kitoto. Miaka yote ya ubao sikuwahi kumwambia mwanafunzi kwamba nimekosea. Mara ya nne nikapiga.

“Shikamoo, madam.”

“Marahaba. Sikiliza, lile jambo la pembe, nilikudanganya. Haziishi. Zinakonda tu.”

Nikaibana simu sikioni.

“Najua, madam,” akasema. “Ulipokwenda kuepua wali, niliongeza mawimbi mia kwenye kompyuta. Zilibaki vilevile.”

“Ala! Na hukusema?”

“Niliuliza, madam. Ukanijibu.”

“Kwa hiyo kesho ulikuwa uandike ulichokiona.”

“Hapana. Nilikuwa niandike ulivyosema.”

Nikapandwa na hasira, zile zangu za zamani. “Wewe! Umeona kwa macho yako, halafu uandike uongo kwenye mtihani wa kudisko? Kwa nini?”

“Kidato cha tatu nilikusahihisha ubaoni, madam. Alama ya kutoa niliyodhani umeiruka. Ukanitoa nje wiki nzima. Nilikuja kugundua kwenye kitabu kwamba wewe ndiye uliyekuwa sahihi, mimi sikuona kwamba ulikuwa umeiondoa kwenye mstari wa juu. Tangu siku hiyo, tukitofautiana mimi na mwalimu, najua mwenye kosa ni mimi.”

Nilimwambia aandike alichokiona. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia asiniulize mimi, aiulize ile kompyuta yake.

Alifaulu. Alinitumia ujumbe mfupi wa shukrani, nami nikamjibu hongera.

Nimejaribu sana kuikumbuka ile wiki niliyomtoa nje. Siikumbuki. Walikuwa wengi niliowatoa, na karibu wote walikuwa wamekosea kweli, na mimi nilikuwa sahihi. Nilidhani hiyo inatosha.