Namba ya Dereva

Kula peke yake Mama Pasi alikwisha kuzoea. Alianza kupiga pasi mashuka ya hospitali akiwa msichana, jina likamganda, na kelele za mashine zikamfundisha kutosema sana. Akirudi nyumbani, hata angetaka kusema, amwambie nani? Sufuria moja, sahani moja, redio. Wakimuuliza habari za nyumbani hujibu salama, na kweli ni salama, maana nani yupo wa kuleta fujo?

Mwaka huu angestaafu. Akaenda kwenye mfuko wa pensheni kuulizia haki zake, na huko wakamwambia, kwa upole kabisa, kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha aliacha kazi zamani. Aliacha! Yeye ambaye hata akiumwa huja kazini kwa sababu nyumbani hakuna wa kumpa pole. Michango iliyoonekana haikutosha kumpa pensheni ya kila mwezi. Angepewa kidogo chake kwa mkupuo, basi, kwaheri. Wakamwambia arudi kwa mwajiri.

Mhasibu wa mishahara alikuwa binti wa umri wa mwanawe, kama angekuwa na mwana. Aliweka kadi ya uanachama na hati ya mshahara kando kwa kando, akazilinganisha. Namba hazikufanana. Mama Pasi alikuwa akiipokea hati ile kila mwezi na kutazama chini kabisa, penye kilichobaki, kama tunavyofanya sote, tusidanganyane.

Binti akatoa jalada, na mambo yakajieleza. Ofisi ile ilikuwa na mazoea yake: mke na mume wakiwa wote wafanyakazi, majalada yao hubanwa pamoja. Mishahara ilipohamishiwa kwenye kompyuta, mtu alifungua jalada la juu, akanakili namba, akaendelea na kazi. Jalada la juu lilikuwa la Dereva.

Dereva alikuwa mumewe, mwendesha gari la wagonjwa. Aliacha kazi na kumwacha mke wiki ileile, akahamia mji mwingine, bila ugomvi wowote ambao Mama Pasi angeweza kuwasimulia watu. Naye aliyepaswa kutenganisha majalada hakuona haraka. Kwa hiyo miaka yote hii mama wa watu amekatwa mshahara kumwekea akiba ya uzee mwanamume aliyemkimbia. Cheka ukipenda. Yeye mwenyewe alicheka, kisha akaomba maji.

Binti akamweleza taratibu. Namba angeirekebisha papo hapo, ili mchango wa mwezi huu uende panapostahili. Michango ya nyuma ilihitaji barua ya mwajiri kwenda kwenye mfuko, orodha ya miezi yote iliyopotea, nakala za hati za mshahara, kitambulisho na kadi. Na kwa kuwa ilikuwa imekaa kwa mwanachama mwingine, mfuko ungetaka naye athibitishe kwa sahihi kwamba si yake.

"Namba yake ya simu unayo, Mama?"

"Ninayo."

Alikuwa nayo siku zote. Hajawahi kuipiga.

Aliipiga mchana, nyuma ya chumba cha kufulia. Dereva alipokea upesi mno, akauliza kama kuna msiba. Akaelezwa. Akasema alikuwa anajua. Mfuko humtumia ujumbe kila mchango unapoingia, na jina la mwajiri lilikuwa la hospitali ileile. Hakuhitaji kupiga ramli kujua unatoka kwa nani.

"Na ukanyamaza?"

"Ule ujumbe ukiingia, najua hujambo. Ningesema, ningejuaje tena?"

"Ungepiga simu."

Dereva akaahidi kwenda kutia sahihi kwenye tawi la mji wake, na ahadi hiyo, ajabu, aliitimiza.

Barua ikaenda, ikarudishwa kwa kukosa muhuri, ikaenda tena. Mwishowe michango yote ikahamia kwa mwenyewe, na mfuko ukathibitisha kwamba atapata pensheni yake kila mwezi. Binti wa mishahara alishuka hadi kwenye kufulia kumpa habari. Mama Pasi akamshukuru hadi binti akaona haya.

Siku ya mshahara simu ilitetemeka kwenye mfuko wa aproni: mchango umepokelewa, jina lake, namba yake. Aliusoma ule ujumbe akiwa amesimama, shuka likimsubiri, na furaha aliyoitarajia haikuja. Katika mji mwingine kulikuwa na simu ambayo mwezi huu haikuletewa kitu, na mtu pekee duniani aliyekuwa akitaka kujua kila mwezi kama yeye ni mzima, sasa hajui.

Jioni aliiweka simu mezani, karibu na sahani, na redio akaizima ili simu isije ikalia asiisikie. Alikula taratibu. Chakula kikaisha, akaosha sahani, akaifuta, na simu ilikuwa palepale.