Sharti la Hoteli

Nilipohitimu chuo cha ufundi, hoteli moja ya Malindi ilinichagua kuwa fundi wake wa mafriji. Nafasi ilikuwa moja tu, na vijana walioikosa bado walisubiri langoni, iwapo ningeghairi. Niliisoma barua ya ajira hadi sharti la mwisho: mwajiriwa asitengeneze friji la mtu mwingine yeyote.

“Na hoteli ikifungwa msimu wa mvua?” nilimuuliza karani wa hoteli aliyenipa barua.

“Mwarudi kwenu bila mshahara. Sharti labaki.”

Nyumbani, mtaa wa Barani, nilikuwa na mafriji mawili ya kutengeneza, ya wauza samaki walionitegemea.

“Bwana mdogo, watia sahihi au wasoma dua?” karani aliniuliza.

Niliona si haki anikataze kazi mtu ambaye wakati huo hanilipi. Nikamrudishia kalamu, naye akamwita mmoja wa vijana wa langoni kabla sijafika mlangoni.

Mama alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani kwamba nimepata kazi. Nilimweleza yote, nimeketi nimeinama, nikingoja anilaumu.

“Sasa waketi wangoja nini?” alisema. “Aliyejiajiri haketi kitako saa nne za asubuhi.”