Vidole Alivyozima Rangi za Simu Yake

Wateja walimwita Vidole, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kichwa ambacho wasusi wengine wangehangaika nacho kutwa nzima, yeye alikimaliza kabla ya adhuhuri, na mistari yake ilinyooka kama imepigwa rula. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mama yake. Mlikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, benchi la wanaosubiri, kioo kilichoanza kubanduka pembeni, na ukutani mafungu ya nywele za bandia yaliyoning'inia kwenye misumari: nyeusi, kahawia, na zile za rangi ya zabibu ambazo wasichana walizipenda. Nyuma ya pazia ndiko walikoishi.

Ndoa yake ilivunjika zamani, kimya kimya, na watoto hakujaliwa. Waliobaki ni yeye na mama, na kaka yake mkubwa aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, ambaye alipiga simu ya video siku za mapumziko ili amwone mama uso kwa uso.

Mama alikuwa mtu wa maneno. Ujana wake wote alipika katika shule ya bweni, na hadithi za jiko lile hazikumwishia: mwalimu mkuu aliyekuja kuiba ukoko, sufuria iliyotoboka siku ya wageni, mvulana mmoja mpole aliyekuwa akiomba kuosha vyombo ili asirudi darasani. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na pazia na kusimulia huku bintiye akisuka.

Mchana Vidole alimsikiliza, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Jioni ndipo mambo yalipoharibika. Mteja wa mwisho akiondoka, alijinyoosha kwenye benchi na kushika simu, akijiambia anatafuta mtindo mmoja mpya kisha ainuke akapike. Mtindo ulifuatwa na video ya mtu anayeanguka kwenye matope, ikafuatwa na ugomvi wa mke na mume asiowajua, na keki inayokatwa, na mbwa anayecheza. Kidole kilisukuma, video nyingine ikaja. Mama aliendelea kuongea, naye akaitikia "ehee" na "kweli kabisa" bila kujua ameitikia nini. Zamani mama alikuwa akimtega. "Haya, nimesema nini?" Wote wawili walicheka. Baadaye mama aliacha kumtega, kisha akaacha kusimulia. Ni lini hasa aliacha, Vidole hakuwahi kujua. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Ukimya ule ulikuja na mengine. Mama alitia chumvi mara mbili, akafungia sabuni kwenye kabati la unga, akaanza kumwita bintiye kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekwisha kufa. Daktari aliwaambia waziwazi kwamba ugonjwa huo wa kusahau haurudi nyuma. Wanachoweza ni kumzungumzisha sana, kumzoesha ratiba ileile, na wasimwache peke yake.

Vidole alitii. Alihamishia kigoda cha mama karibu na mlango, mahali ambapo angeweza kumwona akiwa kazini, na hakutoka bila kumwachia jirani.

Alasiri moja hapakuwa na mteja. Mama alikuwa kwenye kigoda, yeye kwenye benchi kando ya kizingiti, umbali wa kunyoosha mkono. Simu ililia. Mteja alikuwa ametuma picha ya mtindo akiuliza kama unawezekana. Akamjibu kwamba unawezekana. Kazi ilikuwa imekwisha hapo, lakini kidole kilikwishahama kwenda kwenye video. Alipoinua macho, jua lilikuwa limeondoka kizingitini na kigoda kilikuwa kitupu.

Ili mama atoke ilibidi apite mbele ya magoti yake. Huenda hata aliomba njia.

Yeye na majirani walimpata upande wa pili wa barabara kuu, ameketi ukingoni mwa mtaro, kandambili moja imepotea na unyayo umechanika. Muuza mboga mmoja alikuwa amemfunga kitambaa mguuni na kumshika mkono. Alieleza kwamba bibi alikuwa akilia kuwa amechelewa jikoni, watoto wa watu wana njaa. Kisha akamtazama Vidole.

"Kwani nyumbani hakukuwa na mtu?"

"Nilikuwepo," Vidole akasema.

Kesho yake, baada ya kumwacha mama kwa jirani, alikwenda kwa fundi simu wa mtaa, kijana aliyejulikana kama Betri kwa vile hakuonekana kuchoka. Aliweka simu mezani na kumwambia anataka kuibadilisha na kitochi, zile simu ndogo za vibonye, na basi. Betri, ambaye mkewe alisukwa na Vidole, alimuuliza wateja watamtumia wapi picha za mitindo, na kaka yake atamwona mama kwa njia gani. Vidole akasema basi afute zile programu za video. Lakini huko ndiko alikotangazia kazi zake, na nusu ya wateja wapya walitokea huko.

"Usifute kitu, dada," Betri alimwambia. "Tuifanye tu isikunogee."

Aliingia kwenye mipangilio, sehemu ya wenye shida ya kuona, akageuza rangi zote za kioo cha simu kuwa kijivu. Kisha akafungua sehemu inayoonyesha muda ambao mtu ametumia kila programu. Vidole alipoona jumla ya siku moja aligeuza uso. Betri aliiwekea kila programu ya video kikomo cha nusu saa kwa siku. Muda ukiisha programu inajifunga, alama yake inafifia, na haifunguki hadi siku mpya ianze usiku wa manane. Akamwonyesha pia njia ya mkato: akibana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja na kuvishikilia, rangi zinarudi, na akibana tena zinaondoka.

Vidole aliuliza kama picha atakazopiga zitatoka kijivu. Betri alimweleza kwamba kilichobadilika ni kioo chake yeye tu. Picha ina rangi zake kama kawaida, na atakayetumiwa ataiona hivyo. Mwisho akamwonya kwamba hiki ni kizingiti, si kufuli. Anayetaka kuruka ataruka, maana kikomo alichokiweka mwenyewe anaweza kukitoa mwenyewe.

Siku za mwanzo zilimtesa. Video zilionekana kama magazeti yaliyonyeshewa mvua. Keki ikawa kipande cha saruji. Alishangaa jinsi hamu ilivyopungua mapema, na alishangaa zaidi kuona mkono ukiendelea kuchukua simu bila kutumwa. Kwa bidii nyingi alikosea pia: aliiwekea kikomo hata programu ya ujumbe. Muda wake ulipoisha, arifa zake nazo zikanyamaza, na bi harusi mtarajiwa aliyetuma ujumbe wa kuahirisha siku yake hakujibiwa, akahamia kwa msusi mwingine. Vidole alikitoa kikomo hicho akabakiza vya video. Mteja akitaka kuchagua rangi ya nywele, Vidole alibana vitufe, wakachagua pamoja, akabana tena.

Na aliruka kizingiti. Jioni moja mama alipokuwa amemtukana tangu asubuhi akidhani ni mwizi, Vidole alikwenda kwenye mipangilio akatoa vikomo vyote, akarudisha rangi, akatazama video hadi chakula kikaungua. Alivirudisha asubuhi. Hakumwambia mtu.

Polepole jioni zikawa na nafasi. Simu ilikaa juu ya kabati la mafuta ya nywele, naye akasogeza kiti karibu na kigoda. Akamsuka mama nywele zake chache nyeupe, akazifumua, akazisuka tena, na mama akaanza kuongea. Hakuwa yule wa zamani. Hadithi zilikatika katikati, watu wakabadilishana majina, mwalimu mkuu akawa mara babu, mara dereva. Vidole aliuliza, akangoja, akauliza tena. Siku nyingine hakupata kitu.

Jioni moja mama alikuwa mtulivu, ameinamisha kichwa apate kuchanwa. Alimsifu kwa mikono yake miepesi, akamuuliza kama ana wazazi. Vidole akasema ana mama.

"Mtunze," mama akasema. "Mimi ninaye binti. Mtoto mzuri, hanipigi, hanilazi njaa. Ila ana simu. Nikimwambia neno, anaiambia simu ehee."

Vidole aliendelea kuchana.

"Labda siku hizi anasikiliza, mama."

"Kama anasikiliza," mama akasema, "angekuwa amekuja."

Vidole alimwambia kwamba amekuja, kwamba ndiye yeye. Mama aligeuka akamtazama usoni kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni anayedai undugu, akamshukuru kwa kumsuka.

Mama aliishi hadi mvua zilipoisha. Kifua kilibana, akalazwa, na hakurudi nyumbani. Kaka alikuja akazika, akakaa wiki akipokea wageni, akaondoka. Baada ya hapo Vidole alifunga saluni kwa siku kadhaa, na simu ilikuwa na rangi zote, haina kikomo chochote. Alitazama kila kilichokuja. Hakuna aliyekuwa akimwita kutoka kwenye kigoda, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Kisha asubuhi moja alijiona kwenye kile kioo kilichobanduka, akavirudisha vikomo na kijivu chake, akafungua mlango. Hakujisikia shujaa. Alijua tu kwamba asipofanya hivyo hatasuka.

Kazi ikarudi, jioni zikabaki ndefu. Siku ya mapumziko kaka alipiga simu ya video kama zamani. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwenye kioo, amezeeka. Alisema wanawe wameanza kuuliza habari za bibi yao, na anataka kuwaandikia kidogo. Vidole akamsimulia vipande alivyonavyo, vile vya miezi ya mwisho: sufuria iliyotoboka, mvulana aliyeosha vyombo. Kaka aliandika. Kisha akauliza mama aliingiaje kufanya kazi pale shuleni, nani alimpeleka, na alikutana vipi na baba. Anakumbuka, alisema, kwamba mama aliwahi kumwambia kwenye simu kuwa jambo hilo alimsimulia Vidole jioni, yeye kaka akiwa amekwishaondoka nyumbani.

Vidole alitafuta. Alikumbuka sauti ya mama ikipanda na kushuka, na jinsi alivyocheka mahali fulani. Maneno hayakuwepo.

"Alinisimulia, kaka," akasema. "Mara nyingi. Sikuyasikia."

Upande wa pili kaka alibaki na kalamu juu ya karatasi, akingoja kama kuna zaidi.